Mwongozo Kamili: Alama Ngapi za Mshangao na Emoji Ngapi Zinatosha Katika Shukrani za Kundi la Kazini

Wasomaji wengi wanaoniandikia kuhusu ujumbe wa makundi ya kazini hukwama mahali pamoja. Maneno ya kushukuru wanayo, lakini wakifika mwisho wa sentensi mkono unasita. Mmoja alibandika alama saba za mshangao na emoji kumi, akaambiwa kwamba anajipendekeza kwa wakubwa. Mwingine aliandika "Asante." na nukta yake, kisha akapigiwa simu kuulizwa nani amemuudhi.

Nimechagua kufuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, nao ni ujumbe wa mfiwa anayewashukuru wafanyakazi wenzake baada ya maziko. Nimeuchagua kwa sababu hapo ndipo alama zikikosewa huumiza zaidi, na anayeweza kuandika ujumbe huo vizuri hatashindwa kumshukuru mwenzake aliyemshikia zamu.

Tuchukue kundi la WhatsApp la watu 38 wa ghala moja la samaki jijini Mwanza. Mhasibu msaidizi amefiwa na mama yake mzazi huko Ukerewe. Wenzake wamechanga, wamekodi Kosta iliyozunguka kwa njia ya Bunda hadi Kisorya na kuvuka kwa kivuko hadi Rugezi, wamezika na wamerudi. Siku ya tatu anataka kushukuru, na rasimu yake ya kwanza ni hii:

"Asante sana jamani kwa yote!!!!!! Mungu awabariki sana!!!! 😭😭😭🙏🙏🙏🙏❤️❤️❤️ Nawapenda woteee!!!"

Hesabu yake ni alama 13 za mshangao na emoji 10, na ndani yake hakuna hata neno moja linaloonyesha kwamba kuna mtu alivuka ziwa kwa ajili yake.

Vitu vya kuandaa

- Shukrani 20 za hivi karibuni katika kundi lenu. Fungua kundi, tumia sehemu ya kutafuta, andika "asante", kisha rudia kwa "nashukuru" na "shukrani".
- Karatasi na kalamu.
- Orodha ya mambo mawili au matatu ambayo watu walikutendea, yakiwa yametajwa kwa vitendo.
- Mahali pa kuandikia rasimu nje ya kundi. WhatsApp inakuruhusu kujitumia ujumbe mwenyewe, na hapo ndipo pazuri, kwa kuwa utaona ujumbe utakavyokaa kwenye skrini bila hatari ya kuutuma kabla haujaiva.
- Dakika kama 20 za utulivu. Usiandike ukiwa ndani ya daladala.

Hatua ya 1: Pima kiwango cha kundi lenu

Hakuna idadi ya alama inayofaa kila ofisi, kwa sababu msomaji hapimi ujumbe wako peke yake, bali anaulinganisha na ule aliousoma jana. Katika kundi ambalo kila mtu huweka alama nne, ujumbe wenye alama moja huonekana umepoa. Katika kundi la watu wanaoandika kwa nukta, alama hizo hizo nne husikika kama kelele.

Kwa kila shukrani kati ya zile 20, andika idadi ya alama za mshangao na, pembeni yake, idadi ya emoji. Kisha zipange kuanzia ndogo hadi kubwa na uangalie namba iliyo katikati. Katika kundi la mfano wetu, shukrani 5 hazikuwa na alama yoyote, 9 zilikuwa na moja, 4 zilikuwa na mbili au tatu, na 2 zilikuwa na zaidi ya tano. Ukihesabu kutoka chini, ya kumi na ya kumi na moja zote zina alama moja, kwa hiyo kiwango cha kundi ni alama moja. Kwa emoji, kiwango kilikuwa mbili.

Ninasisitiza namba ya katikati na si wastani, kwa sababu katika kila kundi wapo watu wawili watatu ambao hata wakijibu "sawa" huweka alama tisa. Wastani huvutwa juu na hao, nawe utajikuta ukiiga mazoea ya watu wawili ukidhani ni ya ofisi nzima.

Tahadhari: usichanganye shukrani za msiba na za sherehe. Baada ya kuhesabu zote, zitenge zile za msiba peke yake hata kama ni chache. Katika mfano wetu zilipatikana 4, na 3 kati ya hizo hazikuwa na alama ya mshangao hata moja. Hilo ndilo jibu la kundi lenyewe.

Utajua umefaulu ukiwa na namba mbili kwenye karatasi, moja ya alama na moja ya emoji. Lenga kuwa sawa na namba hizo au chini yake kidogo. Usizipite, kwa kuwa anayezipita leo huwalazimu wenzake kesho wampite yeye, na baada ya miezi michache alama moja haitoshi tena kuonyesha chochote.

Hatua ya 2: Jiulize alama ya mshangao itafanya kazi gani hapo

Katika Kiswahili alama hii ina kazi zaidi ya furaha. Huwekwa baada ya viingizi kama "Lo!" na "Hongera!", lakini pia huwekwa kwenye amri: "Mzigo utoke kabla ya saa mbili!" Wafanyakazi wengi hukutana nayo zaidi katika amri kuliko katika pongezi, na hiyo ndiyo sababu inawashtua inapotoka kwa mkubwa.

Nimeshuhudia jambo hili katika ofisi niliyowahi kufanyia kazi. Wiki mbili mfululizo watu walikaripiwa kwa kuchelewa. Jumatatu ya tatu wote wakafika mapema, na mkuu wa kitengo akaandika kwenye kundi: "Asanteni kwa kufika kwa wakati!!!" Alimaanisha alichoandika, lakini hakuna aliyejibu hadi saa saba mchana, kwa kuwa kila mmoja alikisoma kama kijembe. Laiti angeandika, "Leo wote mmefika kabla ya saa mbili, nami nimefarijika. Asanteni," pasingekuwa na pa kuingizia kejeli.

Kwa hiyo weka kanuni hii: alama inaruhusiwa pale tu ambapo ungeinua sauti kwa furaha kama ungekuwa unasema mbele ya watu. Mfiwa anaposimama kushukuru, sauti yake hushuka. Idadi ya alama katika shukrani za msiba ni sifuri, hata kama kiwango cha kawaida cha kundi ni moja au mbili.

Kwa msaada wa kawaida wa kazi, alama moja inatosha. Kwa harusi, mtoto aliyezaliwa au kupandishwa cheo, unaweza kufika mbili, mradi ziwe katika sentensi mbili tofauti. Alama mbili zilizobanana mwisho wa sentensi moja haziongezi furaha.

Hatua ya 3: Andika ujumbe wote kwa maneno, bila alama wala emoji

Hatua hii ndiyo ndefu, na ndiyo watu wengi wanairuka.

Mtu hurundika alama anapohisi kwamba maneno yake hayajafikia uzito wa alichotendewa. Mara nyingi hisia hiyo ni ya kweli, lakini dawa yake imo katika maneno. Kiswahili kina ngazi zake: "asante", "asante sana", "ninashukuru mno", "ninawashukuru kwa dhati". Neno "sana" tayari linafanya kazi ambayo watu wanaipa alama tatu, na anayeandika "asante sana sana!!!" amelipia kitu kimoja mara tatu.

Jambo la kwanza la kusahihisha katika rasimu ya mhasibu wetu ni "Asante sana jamani". Anazungumza na watu 37, kwa hiyo ni "Asanteni". Ile "-ni" ya mwisho inamwambia kila mmoja kwamba naye yumo, na hakuna emoji inayoweza kufanya hivyo.

La pili ni "kwa yote". Hapa ndipo orodha yako inapofanya kazi. Chukua kila jambo ulipe sentensi yake. Waliochanga wanataka kujua kwamba mchango ulifika na ulifanya nini. Waliosafiri wanataka kujua kwamba walionekana. Na wapo wale ambao husahaulika karibu kila mara, yaani waliobaki kazini wakishika zamu za waliokwenda kuzika. Ukiwataja hao, ujumbe wako utapata joto ambalo hata makopa kumi hayawezi kuuletea.

Rasimu ya pili ya mhasibu ikawa hivi:

"Ndugu zangu, habari za jioni. Kwa niaba ya familia yetu, ninawashukuru kwa kunishika mkono katika msiba wa mama. Mchango wenu wa shilingi 412,000 ulifika, nao ndio uliowalisha waombolezaji siku mbili. Ninyi mliopanda Kosta saa kumi alfajiri mkavuka Kisorya ili muwahi maziko, shangazi zangu bado wanawataja. Nanyi mliobaki mkashika zamu zetu, nimeliona hilo na sitalisahau. Kesho nitakuwa kazini. Wabeja sana."

"Wabeja" ni asante ya Kisukuma, na karibu kila aliyekaa Mwanza anaielewa hata kama kwao ni Bukoba au Kigoma. Litumie neno hilo mara moja tu, mwishoni, na liache lisimame bila alama. Katika kundi lenye wageni waliohamia mwezi uliopita, andika "Asanteni sana".

Utajua umefaulu ukiusoma ujumbe kwa sauti mbele ya mtu wa nyumbani naye akaelewa nani alifanya nini. Ikiwa bado unahisi umepoa, ongeza tendo moja ulilolisahau. Usiongeze alama.

Hatua ya 4: Weka alama ya mshangao, ikiwa inahitajika

Katika mfano wetu hatua hii haina kazi, kwa kuwa tumekwisha kuona kwamba idadi ni sifuri.

Kwa shukrani nyingine, weka alama moja kwenye sentensi yenye neno la kushukuru lenyewe, na nyingine zote ziishie kwa nukta. Igusishe alama na neno lililotangulia bila kuacha nafasi. Ukiandika "Asanteni sana !", simu inaweza kuihamishia mstari unaofuata, nayo ikakaa peke yake kama imedondoka.

Hatua ya 5: Chagua emoji moja na uijue

Emoji zina hatari kuliko alama, kwa sababu kila rika huzisoma kwa namna yake.

🙏 ndiyo salama zaidi katika makundi yetu. Wengine huiona kuwa dua, wengine shukrani, wengine ombi, lakini maana zote hizo zinakaa vizuri ndani ya ujumbe wa mfiwa. Inatosha moja. Zikiwa nne, maana ya ombi ndiyo inayotangulia, na msomaji anaweza kudhani kuwa bado unadai mchango.

😭 iache kabisa. Vijana huitumia kuonyesha kwamba wamezidiwa na furaha, au hata kicheko, ilhali mzee wa stoo anaona mtu anayelia machozi. Mfiwa akiiweka, upande mmoja wa kundi utampigia simu kumpa pole upya, na upande mwingine utajiuliza anachekea nini.

❤️ inategemea aliyetuma na anayepokea. Kwa kundi zima haina ubaya, lakini ukimshukuru mtu mmoja wa jinsia nyingine mbele ya watu 37, hasa aliyekupita cheo, kopa jekundu huzaa maneno ya pembeni ambayo hukuyakusudia. Zaidi ya hayo, likitumwa peke yake bila maneno, WhatsApp hulionyesha likiwa kubwa na linalodunda, jambo linalozidisha tafsiri. Weka 🙏 au 🤝 badala yake.

👍 ni ya kukubali taarifa. Kama mkubwa wako amekushukuru kwa maneno matatu, usimrudishie dole gumba peke yake, kwa kuwa mtu mzima hulisoma kama "nimesikia, inatosha". Mjibu: "Karibu sana, mama" au "Ni wajibu wetu, mzee", bila emoji yoyote.

Mahali pa emoji ni mwisho wa ujumbe wote. Ukiiweka katikati, huikata sentensi na kumfanya msomaji asimame mahali ambapo hukutaka asimame.

Kwa hiyo ujumbe wa mhasibu unaishia hivi: "Wabeja sana 🙏". Kutoka alama 13 na emoji 10, tumebaki na sifuri na moja.

Hatua ya 6: Rekebisha kwa kuangalia cheo

Anayemshukuru mkubwa na abaki chini ya idadi ambayo mkubwa huyo huitumia yeye mwenyewe. Ikiwa meneja huandika kwa nukta tu, basi nukta ndiyo heshima, na alama zako tatu zitaonekana kama kumrukia mabegani.

Mkubwa anayewashukuru walio chini yake na afanye kinyume. Nukta yake ina uzito kuliko ya wengine, kwa sababu watu huisoma wakitafuta kosa lao. Ninamshauri kila kiongozi asiandike "Asante." peke yake kwenye kundi, bali ataje jambo: "Asante kwa kuhesabu upya makasha ya jana, hesabu imekaa sawa." Hapo hahitaji alama wala emoji, na hakuna atakayelala akiwaza.

Hatua ya 7: Kwa wasio na WhatsApp, ondoa emoji kabisa

Karibu kila kazi ina mlinzi, kibarua au dereva anayetumia kitochi, na shukrani humfikia kwa meseji ya kawaida. Meseji moja hubeba herufi 160 ikiwa ina herufi za kawaida tu. Ukiongeza emoji hata moja, mfumo hubadilisha namna ya kuziandika herufi zote, na nafasi hushuka hadi 70. Ujumbe ukizidi hapo hukatwa vipande vya 67, na emoji moja kwa kawaida hula nafasi mbili.

Tuseme ujumbe wako una herufi 150. Bila emoji ni meseji moja. Ukiongeza 🙏 moja, unafika nafasi 152, ambazo haziingii katika vipande viwili, kwa kuwa viwili hubeba 134 tu. Utatozwa meseji tatu, na huenda kwenye kitochi chake kile ulichokilipia kikaonekana kama kiboksi kitupu. Alama ya mshangao haina tatizo hili, maana imo katika herufi za kawaida.

Hatua ya 8: Tuma, kisha simamia majibu

Tuma jioni, watu wakiwa wametoka kazini. Baada ya kutuma, usome tena mara moja. Ukigundua alama imezidi, bonyeza ujumbe na uushikilie, kisha chagua kuuhariri, jambo ambalo WhatsApp inaliruhusu ndani ya dakika 15. Usiufute na kuutuma upya, kwa sababu ufutaji huacha alama ya kwamba kuna kitu kimefutwa, na katika kundi la wafiwa hilo huzua maswali.

Kisha kuna mafuriko ya majibu. Watu 37 wakiandika kila mmoja "Amina 🙏🙏🙏", na kila ujumbe ukigonga simu za wengine 37, hizo ni milio 1,369 kwa shukrani moja, na tangazo la msimamizi wa zamu kuhusu mzigo wa kesho litazama humo. Tangu mwaka 2022 WhatsApp imeruhusu mtu kuweka emoji juu ya ujumbe wenyewe bila kuandika jibu jipya, na mlio wake humfikia aliyeuandika ujumbe peke yake. Msimamizi wa kundi aseme mapema: "Tafadhali tuitikie kwa kuweka 🙏 juu ya ujumbe." Mmoja tu, kwa kawaida mtu mzima kuliko wote, aandike jibu la maneno kwa niaba ya kundi.

Mhasibu wetu anapofungua simu asubuhi, anapaswa kuona ujumbe wake ukiwa na 🙏 na namba pembeni yake, jibu moja la mzee wa stoo lisemalo "Pole sana mwanangu, karibu kazini", na chini ya hilo, likiwa linaonekana vizuri, tangazo la gari litakalopakia sangara saa mbili.